SOMO: Dola inapanda na kushuka, duka la vifaa vya umeme lipange bei vipi (someni kabla ya kuuliza)

Wakuu, swali hili nimelijibu inboksi mpaka nimechoka, kwa hiyo naliweka hapa mara moja. Ni kwa mwenye duka Kariakoo au popote anayeagiza runinga, redio, feni na mazagazaga kama hayo kutoka China, analipa kwa dola na kuuza kwa shilingi. Kama unanunua kwa jumla hapa hapa mjini, soma hatua ya tatu tu.

Mfano wangu ni runinga ya inchi 32, mzigo wa runinga 100. Namba zote ni kabla ya VAT.

Hatua ya 1. Tenganisha gharama za dola na gharama za shilingi.
Kiwandani dola 70, nauli ya meli na bima dola 10. Ushuru wa forodha na tozo zake tuseme dola 20. Utasema ushuru unalipwa kwa shilingi. Ndiyo, lakini unakokotolewa kwenye thamani ya mzigo iliyo kwa dola, kisha inageuzwa kwa kiwango cha siku hizo. Dola ikipanda, ushuru nao unapanda hata kama asilimia haijaguswa. Kwa hiyo runinga moja ina dola 100 ndani yake. Wakala wa forodha, gari la kutoa mzigo bandarini, kodi ya fremu na vijana wa dukani hawafuati dola: tuseme shilingi 30,000 kwa kila runinga.

Hatua ya 2. Tumia kiwango sahihi.
Ni kile ambacho benki yako inakuuzia dola, ukijumlisha na makato ya kutuma pesa. Achana na wastani unaouona kwenye simu. Waliokuwa wanaagiza mwaka 2023 wakati dola zimeadimika wanakumbuka kiwango cha kwenye ubao kilivyokuwa mbali na kile ulichopata kweli.

Hatua ya 3. Panga bei kwa gharama ya kurudisha mzigo.
Hapa ndipo mimi mwenyewe niliungua, na ndipo maduka mengi yanapokufa huku mwenye duka akiamini anapata faida.

Umenunua dola kwa 2,500. Runinga imekusimamia 250,000 na 30,000, jumla 280,000. Umeweka faida asilimia 10, unauza 308,000. Mzigo unaisha baada ya miezi kadhaa, daftari linasema faida ni milioni 2 na laki 8. Unaitoa: ada za watoto, tofali za kiwanja. Mtaji uliobaki ni milioni 28. Unakwenda benki kuagiza tena, dola imefika 2,700. Runinga ile ile sasa inasimama 300,000. Milioni 28 zinanunua runinga 93.

Hakuna aliyekuibia. Katika ile faida ya 28,000 kwa kila runinga, 20,000 ilikuwa ya kununulia runinga inayofuata, na wewe umeila. Rudia mzunguko mara tatu, rafu zinaanza kuonekana na mapengo. Na mfano huu sikuutunga hewani: mwishoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu na 2,500, na kufikia Oktoba 2024 ilikuwa imevuka 2,700.

Kwa hiyo bei ya leo inatokana na swali moja: nikiuza hii sasa hivi, kuirudisha kutanigharimu kiasi gani? Ile karatasi ya manunuzi ya miezi minne iliyopita ni ya mhasibu na TRA, siyo ya kupangia bei.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, usitoe faida yoyote mfukoni kabla hujapiga hesabu ya kurudisha mzigo kwa kiwango cha siku hiyo. Ya pili, dalili ya ugonjwa huu haionekani kwenye pesa, inaonekana kwenye idadi. Ukiona mauzo ya shilingi yanapanda huku kila oda ina vipande pungufu, ujue unakula mtaji.

Hatua ya 4. Weka kinga ndani ya bei.

```
bei = (D x kiwango x (1 + kinga) + S) x (1 + faida)
```

D ni dola zilizomo (100), S ni shilingi za hapa (30,000). Kinga unaipataje? Hesabu mzunguko wako, kuanzia siku unayolipa kianzio mpaka siku mzigo unaisha dukani. Kwa meli mara nyingi ni miezi minne hadi sita. Kisha tazama miaka mitatu ya nyuma: katika kipindi cha urefu huo, dola iliwahi kupanda kwa asilimia ngapi? Soko halitakubali uibebeshe yote kwenye bei, kwa hiyo chukua takriban nusu. Mimi kwa runinga natumia asilimia 3. Hapo inatoka 316,250, nami naandika 316,000.

Kinga inahusu sehemu ya dola peke yake. Kuna watu wanaiweka juu ya gharama yote halafu wanalalamika jirani anawashinda bei.

Hatua ya 5. Weka alama ya kubadili bei.
Asilimia 3 ya 2,500 ni 75. Benki ikifika 2,575, kinga imeisha, bei mpya inaandikwa siku hiyo hiyo, hata kwa mzigo ulioko stoo.

Hatua ya 6. Nunua dola unavyouza.
Ukiuza runinga 20 wiki hii, nunua dola 1,600 za kiwanda na nauli, ziweke kwenye akaunti ya dola. Zile 20 za ushuru ziache kwenye shilingi, utazilipa kwa shilingi. Ukisubiri mpaka kiwanda kidai asilimia 70 iliyobaki ndipo ukimbilie benki na milioni kumi na kitu, umeuweka mzunguko mzima kwenye kiwango cha siku moja.

Hatua ya 7. Ile 7,500 ya kinga kwa kila runinga iwe kwenye akaunti yake. Isichanganywe na mauzo.

Maswali sasa.

---

Kijana wa Msimbazi: Mkuu somo zuri, ila hujasema dola itapanda au itashuka mwezi ujao?

Mwandishi: Ningejua nisingekuwa nauza runinga.

Bosi Mtarajiwa: Kwa hiyo kinga niweke asilimia ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Bosi Mtarajiwa: Nimeisoma, ila duka langu ni la feni.

Mwandishi: Hesabu mzunguko wa feni zako. Mimi siujui, wewe ndiye unayeziuza.

Mteja Halali: Huu ni wizi. Mzigo ulinunua kwa bei ya zamani, unauza kwa bei mpya. Ndiyo maana maisha magumu.

Mwandishi: Ndugu, dola ikishuka utakubali kununua kwangu kwa bei ya zamani kwa sababu mzigo niliununua ghali? Utaenda duka la pili. Sheria ni moja pande zote, na mimi ikishuka naumia.

Mama Wawili Mwanza: Shikamoo kaka. Mimi naleta simu kwa ndege, kuagiza mpaka kuuza ni kama wiki tano. Kinga ya asilimia 3 si itanifanya niwe ghali kuliko wenzangu?

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri. Kwa wiki tano dola haina muda wa kutembea sana, asilimia moja au moja na nusu inatosha mara nyingi. Hatari yako kubwa ni nyingine: simu yenyewe inashuka bei kiwandani toleo jipya likitoka. Kwa hiyo dola inaweza kupanda na bado gharama yako ya kurudisha mzigo ikapungua. Usikokotoe kwa bei ya oda iliyopita. Muulize muuzaji bei ya leo kila wiki, hata kama huagizi, halafu ndipo uzidishe kwa kiwango. Na oda ndogo za mara kwa mara zitakulinda kuliko kinga yoyote.

Luthuli Boy: Sasa mkuu, salamu kutoka Nairobi. Hapa kwetu tuliumizwa na upande wa pili. Januari 2024 dola ilikuwa karibu 160, kila mtu akaagiza akijua inaenda 170. Februari serikali ikapata Eurobond mpya ya kulipia ile ya zamani, na kufikia mwisho wa Machi tuko kwa kama 131. Watu walikuwa na stoku ya 160. Ungefanya nini?

Mwandishi: Karibu sana. Kwetu ilitokea Desemba 2024, ndani ya wiki chache kutoka 2,600 na kitu hadi chini ya 2,400. Tumia runinga yangu. Aliyenunua kwa 2,700 imemsimamia 300,000. Anayeagiza kwa 2,400 inasimama 270,000, na kwa faida ya asilimia 10 anauza 297,000. Yaani bei yake ya faida iko chini ya gharama yako.

Una muda kidogo, kwa sababu mzigo wake bado uko baharini. Kwa hiyo punguza mapema, uza haraka upate shilingi, maana shilingi hizo sasa zinanunua dola nyingi. Ukiuza zote 100 kwa 290,000 umepata hasara ya milioni moja kwenye daftari, lakini milioni 29 kwa gharama ya 270,000 ni runinga 107. Wanaoumia kweli ni wanaong'ang'ania mpaka kontena za wenzao zishuke. Hizo akiba za hatua ya 7 ndizo zinakupa moyo wa kupunguza.

Luthuli Boy: Hiyo ya 107 sikuwa nimeiona hivyo. Asante.

Mpiga Hesabu: Vipi kufunga kiwango na benki mapema, ule mkataba wa kununua dola za miezi mitatu mbele?

Mwandishi: Upo, kwa wenye oda kubwa na historia nzuri na benki. Kiwango cha mbele hakitokani na utabiri wa benki, kinatokana na tofauti ya riba. Riba ya shilingi ikiwa juu ya ile ya dola, kiwango cha mbele kinakuwa juu ya cha leo. Hiyo tofauti ndiyo gharama yako, iingize kwenye hesabu badala ya kinga. Na dola ikishuka bado utanunua kwa kile ulichosaini. Kwa oda ya dola 7,000 hatua ya 6 inatosha.

Kaka Dola: Kwani kuna shida gani? Andika bei kwa dola, mambo kwisha.

Mwandishi: Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza bei au kupokea malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Usiwaponze watu.

Mzee wa Jumla: Na wateja wangu wa Lubumbashi wanaokuja na dola mkononi?

Mwandishi: Wabadilishe benki kwanza, wakulipe shilingi. Ila ukiwajua wanakuja, siku hiyo hiyo fanya hatua ya 6.

Mzee wa Jumla: Mimi kinachoniua ni mali kauli. Vijana wa Mbeya wanachukua, wanaleta pesa baada ya miezi miwili.

Mwandishi: Hapo mzee wangu umegusa penyewe. Mali kauli ya siku 60 ni miezi miwili zaidi kwenye mzunguko wako, na wewe ndiye unayebeba dola. Weka bei mbili: ya taslimu, na ya mali kauli yenye kinga ya miezi hiyo.

Mzee wa Jumla: Watakubali?

Mwandishi: Wa kwangu wawili walihama. Waliobaki wengi wameanza kulipa nusu taslimu.