Somo: Riba juu ya riba kwa kalkuleta ya kawaida

Tuseme umeweka shilingi 500,000 kwenye akaunti ya muda maalumu kwa riba ya 8% kwa mwaka, na riba haichukuliwi, inaachwa humo humo.

Kwanza tafuta kizidisho. Gawa 8 kwa 100 upate 0.08, kisha jumlisha 1. Ile 1 ni pesa yako yenyewe, na 0.08 ni riba yake. Kwa hiyo kila mwaka salio linazidishwa kwa 1.08.

Pili, zidisha. Usifute jibu, lizidishe tena:

```
500000 × 1.08 = 540000
       × 1.08 = 583200
       × 1.08 = 629856
       × 1.08 = 680244.48
       × 1.08 = 734664.03
```

Mwaka wa kwanza riba ni 40,000. Wa pili ni 43,200, na hiyo 3,200 ya ziada ni 8% ya ile 40,000. Kama ungechukua riba kila mwaka, miaka mitano ingekupa jumla ya 700,000 tu.

Kitufe cha % kiacheni. Kwenye kalkuleta nyingi za Casio, 500000 + 8 % inaleta 543478.26, kwa sababu hesabu yake ni ya kupanga bei ya kuuzia, si ya riba.

Maswali

*Mama Neema:* Mwalimu, hakuna njia ya kukwepa kuandika 1.08 kila mara?

*Jibu:* Ipo, mama. Jaribu 2 × 3 = =. Ikileta 12, kalkuleta yako inashika namba ya kwanza, hivyo andika 1.08 × 500000 kisha bonyeza = mara moja kwa kila mwaka. Ikileta 18 inashika ya pili, basi anza na 500000. Ikibaki 6, jaribu 1.08 × × 500000, halafu =. Herufi K ikitokea kwenye kioo, imeshika.

*Fundi Salumu:* Itafika milioni lini?

*Jibu:* Hesabu mibonyezo ya =. Wa tisa unaleta kama 999,502, yaani bado shilingi mia tano hivi. Ni mwaka wa kumi.

*Mdau wa Moro:* Mbona benki ilinipa pungufu ya hesabu hii?

*Jibu:* Kodi ya zuio, kaka. Kwa Tanzania ni 10% ya riba, hivyo katika 8 unabaki na 7.2. Kizidisho chako ni 1.072, na miaka mitano inaishia karibu 707,854. Wa Kenya wakate 15%, wazidishe kwa 1.068.

*Dada Rehema:* Na riba ikiingia kila mwezi?

*Jibu:* Gawa 8 kwa 12 kwanza, ndipo ugawe kwa 100. Kizidisho ni 1.0066666, na unazidisha mara 12 kwa mwaka. Kabla ya kodi, mwaka mmoja unafika 541,499 badala ya 540,000.