Programu ya zamani ina ukungu kwenye skrini mpya? Fanya hivi

Wakuu, wiki iliyopita nilimhamishia mwenye duka la vipuri programu yake ya stoo kwenda laptopu mpya ya inchi 14, pikseli 1920 kwa 1080. Kila kitu kilionekana safi isipokuwa hiyo programu: herufi zilikuwa kama zimeloa maji.

Programu hiyo inaamini kila skrini ina pikseli 96 kwa inchi. Laptopu ilikuwa imewekwa ukuzaji wa 150%, kwa hiyo Windows iliiacha ichore dirisha lake la 800 kwa 600, halafu ikalivuta kama picha hadi 1200 kwa 900. Pikseli 2 zikitandazwa kwenye nafasi ya 3, kingo za herufi lazima zififie. Msipunguze ubora wa skrini nzima kwa ajili ya hili, mtaharibu na programu zilizo nzima.

1. Funga programu kabisa.
2. Bofya kulia ikoni yake, chagua Properties, kisha Compatibility.
3. Bonyeza Change high DPI settings.
4. Chini kabisa, weka tiki kwenye Override high DPI scaling behavior. Kuna kisanduku kingine juu yake, Program DPI. Wengi hutiki hicho kwa makosa.
5. Kwenye Scaling performed by, chagua System (Enhanced). Bonyeza OK mara mbili, fungua programu.

Anzeni na System (Enhanced), kwa sababu hapo Windows inachora herufi na mistari upya kwa ukubwa halisi. Chaguo la Application linaiachia programu ijichoree yenyewe: ile ya stoo ikawa kali sana lakini ndogo, theluthi mbili ya ukubwa wa awali, na mzee wa duka hakuweza kusoma bei. System ya kawaida ni kule kuvutwa kama picha tulikokukimbia.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimefuata yote, hakuna kilichobadilika.*
Huenda ikoni yako inafungua faili dogo ambalo nalo linaita programu yenyewe. Iache ikiwa wazi, fungua Task Manager, nenda Details, bofya kulia jina lake, chagua Open file location. Ifunge, kisha weka mpangilio kwenye faili hilo la .exe.

*Maandishi yamekuwa safi, ila vitufe vyenye picha bado vina ukungu.*
Vitabaki hivyo. Picha ilihifadhiwa kwa pikseli chache, hakuna cha kuchora upya. Na programu zinazochora kwa DirectX au OpenGL, kama za 3D, hazinufaiki na chaguo hili. Hizo jaribu Application.

*Yangu ilikaa sawa, baada ya kusasisha ukungu ukarudi.*
Mpangilio unashikamana na njia ya faili. Toleo jipya likikaa kwenye folda nyingine au likibadili jina, rudia hatua kwenye faili jipya.