Kitako cha biskuti kwa chizikeki isiyookwa: siagi kiasi gani, na namna ya kukishindilia ili kikatike vizuri

Mpwa wangu alinipigia simu siku ya pili ya Idi. "Shangazi, kisu hakipiti." Chizikeki ilikuwa imelala kwenye friji usiku kucha, juu imeganda vizuri, lakini kitako kimekuwa kama kigae. Alipokandamiza kisu kwa nguvu, krimu ilitoka pembeni na kitako kikapasuka vipande vitatu. Alikuwa ametumia gramu 300 za biskuti za daijestivu na gramu 200 za siagi. Mara ya pili akaogopa siagi: biskuti za Mari gramu 200, siagi gramu 60. Safari hiyo kipande kilinyanyuka bila kitako, chenga zikabaki kwenye sahani. Mara ya tatu nilikwenda kwake Tabata tukafanya pamoja, na hatua hizi ni zile tulizofuata siku hiyo.

Kwanza muelewe kinachoshika kitako hiki. Kitako kinachoingia kwenye oveni husaidiwa na sukari, maana inayeyuka na kuganda tena. Hapa hakuna moto, kwa hiyo gundi ni siagi peke yake: inaingia katikati ya chenga ikiwa ya maji, kisha inaganda ndani ya friji. Ikiwa kidogo, chenga hazishikani. Ikizidi, mnakuwa na bamba la siagi gumu lenye biskuti ndani yake. Ndiyo maana siongezi sukari kabisa. Inabaki mchanga mdomoni na haisaidii kushika. Chumvi kidogo naweka.

1. Chombo

Natumia tini la sentimita 20 lenye ukuta unaofunguka. Kitako cha tini hilo mara nyingi kina ukingo mdogo ulioinuka pembeni. Kigeuzeni, ukingo uangalie chini, ndipo mkibane na karatasi ya kuokea juu yake. Kipande kitateleza kutoka bila kukwama kwenye ule ukingo.

2. Kusaga

Blenda au kinu na mchi, vyote sawa. Mimi napenda kinu kwa sababu naona chenga zinavyokwenda. Zinatakiwa ziwe laini na za saizi moja, kama semolina yenye chembe chache kubwa kidogo. Kipande cha biskuti kikubwa kama punje ya harage kikibaki, kisu kikikigonga kinakisukuma badala ya kukikata, na ufa unaanzia hapo. Bakizeni biskuti nne bila kusaga, sababu inakuja.

3. Siagi

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, na mimi nilipotea muda mrefu, kwa sababu mapishi mengi yanatoa kipimo kimoja kwa biskuti zote. Biskuti hazifanani. Daijestivu ina mafuta mengi yake yenyewe, kwa hiyo inahitaji siagi kidogo. Mari na zile za glukosi ni kavu, zinanyonya. Kwa gramu 200 za daijestivu naanza na gramu 85 za siagi. Kwa gramu 200 za Mari naanza na gramu 100. Nasema naanza, kwa sababu kipimo cha mwisho kinatoka mkononi.

Pimeni kwa mizani. Kikombe cha chenga kinabadilika uzito kulingana na mlivyozisaga na mlivyokijaza, na tofauti ya gramu 30 za siagi inatosha kuharibu kitako. Mpwa wangu alikuwa akipima siagi kwa kijiko cha kulia, kila kijiko na kilima chake.

Yeyusheni siagi kwa moto mdogo, mimineni yote juu ya chenga, changanyeni kwa uma hadi pasiwe na sehemu iliyo nyeupe. Kisha subirini dakika tatu. Msiruke hilo, maana chenga kavu zinaendelea kunyonya. Mchanganyiko ulioonekana umelowa unaweza kukauka mbele ya macho yenu.

Sasa chukueni konzi, fumbeni ngumi kwa nguvu, fungueni. Donge likibaki limeshikana, na mkilisukuma kwa kidole gumba likavunjika mapande mawili matatu, hapo ndipo. Likimomonyoka kuwa mchanga, ongezeni siagi iliyoyeyushwa kijiko kimoja kikubwa, yaani kama gramu 15, changanyeni, subirini, jaribuni tena. Siagi ikichomoza kati ya vidole au kiganja kikibaki kinang'aa mafuta, imezidi: sageni biskuti moja kati ya zile nne, ongezeni. Kule Tabata tulitumia Mari, tukaanza na 100, donge likamomonyoka, tukaongeza kijiko kimoja tu. Gramu 115 kwa 200. Ingekuwa pakiti nyingine ya biskuti, labda tungeishia pengine.

Kuhusu majarini: inafanya kazi, lakini sipendi kuitumia hapa. Imetengenezwa iwe laini hata ikitoka kwenye friji, basi gundi yenu inakuwa laini pia. Kwa joto la Dar kitako kinaanza kulegea kabla wageni hawajamaliza kula. Kama ndiyo mliyo nayo, msiongeze kipimo mkidhani itashika zaidi. Kitako kitakuwa cha mafuta, na bado kitakuwa laini. Kiacheni tu kwenye friji hadi dakika ya kukata.

Kwa tini la sentimita 23, zidisheni kila kitu kwa 1.3.

4. Kushindilia

Mimineni chenga zote, zisambazeni kwa mkono mkavu hadi ziwe sawa kabla ya kukandamiza chochote. Ukishindilia kilima cha katikati kwanza, hakisambai tena. Kinabaki kigumu katikati na kilegevu pembeni.

Kisha glasi yenye kitako bapa na ubavu ulionyooka. Kijiko sikitaki, kinaacha mabonde. Mzunguko wa kwanza ni mwepesi, wa kusawazisha tu. Wa pili ni wa nguvu ya mkono, siyo ya mwili mzima. Ukiegemea sana, siagi inakamuliwa na kupanda juu, na kitako kinarudi kuwa kigae. Malizieni kwenye kona, pale kitako kinapokutana na ukuta. Chenga hupenda kujirundika hapo, na ndiyo sehemu kisu kinapokwama mwishoni. Zungusheni ubavu wa glasi ukisugua ukuta, mkisukuma ziada ielekee katikati. Unene uwe chini kidogo ya sentimita moja kila mahali.

5. Baridi

Friji nusu saa, au friza dakika 15. Gusa katikati kwa kidole: pawe pagumu, chenga zisiambate. Krimu iwekwe kwa mafungu kisha itandazwe kutoka katikati. Ukiivuta kutoka upande mmoja inang'oa chenga.

6. Kukata

Chizikeki ikishaganda, itoeni kwenye friji dakika 5 kabla ya kukata, 10 kama ni msimu wa baridi. Siagi inahitaji kulegea kidogo tu. Kisu kirefu chembamba, kichovyeni kwenye maji ya moto, kifuteni kikauke. Kisu kishuke wima hadi kiguse kitako, halafu kandamizeni kisigino cha kisu mara moja hadi msikie kimegonga chini. Msikate kama msumeno. Vuteni kisu kitoke kwa mbele, msikiinue juu, kisha kifuteni kabla ya mkato unaofuata. Kipande cha kwanza kitoeni kwa mwiko bapa ulioingizwa kati ya karatasi na kitako hadi ncha ya katikati, maana ncha ndiyo hubaki nyuma.