Somo: Kwa nini seva uliyowasha nyumbani kwa laini ya simu haifikiki kutoka nje, na namna ya kuifikisha

Likizo ya Desemba iliyopita vijana wa nyumbani, hapa Uyole, walitaka kucheza Minecraft na binamu zao walioko Iringa na Makambako. Laptopu ipo, ruta ya laini ipo, bando la mwezi limewekwa. Nikawasha seva, nikaingia kwenye ruta na kufungua poti 25565 kuelekea laptopu, kisha nikawatumia binamu anwani ya IP niliyoiona kwenye tovuti ya kuangalia IP. Ndani ya nyumba geimu ilikwenda vizuri. Iringa waliona `Connection timed out`, na Makambako vilevile. Jioni mbili zilipita nikishuku laptopu, kisha ruta, kisha laptopu tena. Vyote vilikuwa vizima. Kizuizi kilikuwa juu ya ruta, ndani ya mtandao wa simu, na huko mteja hana ufunguo.

Ukikielewa kizuizi hicho utaacha kupoteza muda kwenye ruta, kwa hiyo nianze nacho.

Sanduku moja la posta, wanafunzi wengi

Waliosoma bweni wanakumbuka: shule nzima ilitumia S.L.P. moja. Ukiandika barua kwenda nyumbani, inatoka na sanduku la shule. Jibu likirudi na jina lako juu ya bahasha, karani anajua ampe nani. Ila ikija barua yenye namba ya sanduku tu, bila jina, inabaki ofisini.

Mtandao wa simu unafanya hivyohivyo. Ruta yako inapewa anwani ya ndani, tuseme 100.83.14.207. Ukifungua tovuti, mtambo wa kampuni ya simu unaifuta anwani hiyo na kuweka anwani ya umma, tuseme 203.0.113.45, pamoja na namba ya poti uliyoichagua wenyewe, labda 18233. Kisha unaandika mstari kwenye daftari lake: kinachorudi kwenye poti 18233 kutoka tovuti ile ni cha 100.83.14.207. Mtambo huo huitwa CGNAT. (Anwani za umma ninazotumia katika somo hili ni zile zilizotengwa kwa ajili ya mifano. Weka zako.)

Sasa binamu wa Iringa anagonga 203.0.113.45 poti 25565. Mtambo unafungua daftari na haukuti mstari wowote wa poti hiyo, kwa sababu hakuna aliyetoka kupitia hapo. Ombi linatupwa kimya. Ruta yangu, niliyoifungua poti kwa uangalifu wote, haikupata hata habari kwamba kuna mtu alibisha.

Wateja wanabanana hivyo kwa sababu anwani za IPv4 zote duniani ni 4,294,967,296 tu, na akiba kuu ya dunia iligawiwa yote Februari 2011. AFRINIC, wanaogawa anwani kwa Afrika, tangu Januari 2020 wanatoa kwa ombi moja anwani zisizozidi 1,024. Fikiria mtandao wenye wateja kuanzia Tunduma hadi Mafinga, halafu uone 1,024 zinafika wapi. Poti ndizo zinazookoa: anwani moja ina poti 65,535, na mtambo ukimtengea kila mteja poti 1,000, anwani hiyo moja inabeba watu kama 64 kwa wakati mmoja.

Hatua ya 1: Hakikisha uko nyuma ya CGNAT

Ingia kwenye ukurasa wa ruta (nyingi za laini ni `192.168.8.1` au `192.168.1.1`) na utafute `WAN IP`. Kwenye simu ya Android nenda `Settings`, kisha `About phone`, uangalie `IP address` ukiwa umezima waifai. Halafu kwenye laptopu iliyounganishwa na ruta au simu hiyohiyo andika:

```
curl -4 icanhazip.com
```

Namba mbili zikifanana, una anwani yako mwenyewe ya umma, na kufungua poti kwenye ruta kunatosha. Zikitofautiana, kuna mtambo juu yako. Kwangu ruta ilisema 100.83.14.207 na amri ilisema 203.0.113.45. Kundi la kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiihii, kwa hiyo ukiliona tu umeshajua. Mitandao mingine hutumia anwani zinazoanza na 10, na maana ni ileile.

Hatua ya 2: Tokea ndani

Mtambo unakataa wanaoingia bila mwaliko, lakini wewe unayetoka haukuzuii. Kwa hiyo laptopu ndiyo ipige simu kwenda kwenye seva ya kukodi yenye anwani ya umma, iache laini wazi, na wachezaji wapite humo. Seva ndogo kabisa ya Linux inatosha, kwa sababu geimu yenyewe inaendelea kukaa kwenye laptopu. Ile ya kukodi ni mlango tu.

Kwenye seva ya kukodi, ndani ya `/etc/ssh/sshd_config`, ongeza mstari huu:

```
GatewayPorts clientspecified
```

Kisha:

```
sudo systemctl restart ssh
sudo ufw allow 25565/tcp
```

Amri ya `ufw`, ukuta wa ndani ya seva, ni kwa anayeitumia. Baadhi ya wakodishaji wana ukuta wao pia kwenye ukurasa wa akaunti, fungua na pale. Halafu kwenye laptopu ya nyumbani:

```
ssh -N -o ServerAliveInterval=30 -o ExitOnForwardFailure=yes -R 0.0.0.0:25565:127.0.0.1:25565 mimi@198.51.100.20
```

Acha dirisha hilo wazi. Binamu sasa anaandika 198.51.100.20 kwenye Minecraft yake. Ile `ServerAliveInterval=30` usiiondoe: kila sekunde 30 inatuma neno dogo ili mstari wako kwenye daftari la mtambo usifutwe kwa ukimya.

Mtu wa nje akishindwa kuingia, soma ujumbe anaouona, unasema mengi. `Connection timed out` maana yake ukuta wa seva ya kukodi haujafunguliwa. `Connection refused` maana yake amefika pale ila hakuna anayesikiliza: ama laini ya `ssh` imekatika, ama ule mstari wa `GatewayPorts` haujashika. Akiingia na kutolewa papo hapo, njia ni nzima na Minecraft ndiyo imezimwa kwenye laptopu.

Hatua ya 3: Chagua mahali pa kukodi kwa kupima

Hapa ndipo wengi wanakosea. Kila mwendo wa binamu unatoka Iringa hadi seva ya kukodi, kutoka pale unakuja Uyole, na jibu linarudi njia ileile. Nilianza na seva ya Ujerumani kwa sababu ya bei. `ping` kutoka kwangu ilisoma kama milisekunde 170, na ya binamu karibu hivyohivyo. Jumlisha: 340. Akivunja tofali, linasimama kwanza kisha ndiyo linapotea, na kupigana hakuwezekani kabisa. Nilipohamia seva ya Afrika Kusini, `ping` ilishuka hadi kama 80 kila upande, jumla 160. Wakacheza. Kwa hiyo kabla ya kulipa mwezi mzima, omba anwani ya majaribio ya mkodishaji, uipime kwa laini utakayotumia na saa mtakazocheza. Kwangu saa mbili usiku si sawa na saa nne asubuhi.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Tukuyu:* Mkuu, nikizima data na kuwasha napata IP mpya. Nikiendelea kuzima na kuwasha sitabahatisha ya kwangu peke yangu? Au nitumie jina la DDNS?

Ndugu yangu, unahamishwa kutoka sanduku moja la pamoja kwenda lingine la pamoja. DDNS nayo inafuata anwani ikibadilika, na anwani inayoifuata ni ya wengi, kwa hiyo ombi litaishia palepale kwenye mtambo. Waulize kampuni yako kama wanauza anwani ya umma ya kudumu. Mara nyingi hiyo hutolewa kwenye vifurushi vya biashara au intaneti ya waya.

*Mwanachama wa Makambako:* Mbona geimu za kwenye simu tunacheza na watu wa nje bila shida, ila PlayStation ya mdogo wangu kwa ruta ya laini inasema `NAT Type 3` na sauti za wenzake hazisikiki?

Geimu nyingi za simu zina seva za kampuni yenyewe. Wewe unatoka, mwenzako anatoka, mnakutana kwenye seva. Hakuna anayebishiwa hodi. Sauti na baadhi ya geimu za PlayStation hujaribu kuunganisha mashine kwa mashine. Kila moja inauliza seva ya nje, "Unaniona kwa poti gani?", kisha inampa mwenzake namba hiyo. Mtambo unaotunza poti ileile kwa kila unayezungumza naye hauleti shida. Unaobadilisha poti kwa kila mtu mpya, namba aliyopewa mwenzako tayari ni ya zamani, na anabisha mlango usio wako. Wawili wakiwa nyuma ya mitambo ya aina hiyo, njia pekee ni kupitia seva ya katikati, kama geimu inayo. Kubonyeza `UPnP` kwenye ruta hakusaidii, kwa sababu kunafungua ruta tu. Mjaribu kwa laini ya mtandao mwingine kwa siku moja kabla hujanunua ruta mpya.

*Mwanachama wa Mafinga:* Kaka, sisi tunatumia Minecraft ya simu. Nimefuata somo lote, hakuna kinachoingia.

Toleo la simu linatumia UDP poti 19132, na `ssh` hubeba TCP peke yake. Kwako ni WireGuard, njia ya VPN inayobeba na UDP, kati ya laptopu na seva ya kukodi, halafu uielekeze poti 19132 ndani yake. Upande wa laptopu usisahau:

```
PersistentKeepalive = 25
```

Mistari ya UDP kwenye daftari la mtambo hufutwa upesi kuliko ya TCP, pengine baada ya dakika chache tu za ukimya.

*Mwanachama wa Njombe:* Na IPv6 je? Nasikia kila simu inapata ya kwake.

Ni kweli pale mtandao wako unapoitoa. Pima kwa `curl -6 icanhazip.com`. Ukipata namba, mwombe mwenzako ajaribu kukufikia, ila naye awe na IPv6. Mitandao mingi ya simu huzuia wanaoingia hata huko, kwa hiyo amini jaribio, usiiamini namba.

*Mwanachama wa Mbalizi:* Nimefungiwa kwenye seva moja ya geimu na sijawahi kuikanyaga. Inawezekanaje?

Mwenye seva alifunga anwani ya IP ya mtu mwingine, nawe uko kwenye anwani hiyohiyo. Weka simu kwenye hali ya ndege kwa dakika moja, urudi, huenda ukapangiwa nyingine. Na ninyi mnaoendesha seva, tumieni `ban` kwa jina la mchezaji, msitumie `ban-ip`. Kwa njia ya `ssh` niliyoeleza hapo juu ni hatari zaidi, kwa sababu Minecraft inawaona wachezaji wote wa nje kama 127.0.0.1. Niliandika `ban-ip` kwa mtoto mmoja aliyekuwa anabomoa nyumba za wenzake, na sekunde hiyohiyo Iringa na Makambako yote ikatolewa nje. `pardon-ip 127.0.0.1` ndiyo iliyowarudisha.