Maramu kwanza, kabro baadaye: somo la kemba kwa wanaouliza kila wiki

Kila mvua ikianza, swali ni lile lile: "Tumwage maramu au tuweke kabro?" Nachukua mfano wa kibarabara cha mtaani hapa Nakuru, upana mita 4, urefu mita 100.

1. Ondoa nyasi na udongo wa juu.
2. Chimba mitaro pande zote mbili, na maji yawe na pa kwenda.
3. Kemba, yaani mgongo wa barabara unaoshusha maji pande zote mbili. Hapa ndipo wengi huharibu. Udongo wa chini huachwa bapa, kisha mgongo unatengenezwa kwa maramu peke yake. Maji yakipenya maramu yanatuama kwenye udongo ule na kuulainisha. Gari likipita, maramu inazama. Inua mgongo kwenye udongo wenyewe kwanza, ndipo maramu ifuate kwa unene ule ule kote.

Piga kigingi katikati na kingine ukingoni, vuta kamba, uisawazishe kwa paipu ya maji. Ukingoni, shuka sentimita 14 chini ya kamba kabla ya roli. Ikishindiliwa utabaki na kama 10, yaani asilimia 5. Katikati ya vigingi hivyo viwili pima 7. Pande ziwe zimenyooka kama paa la mabati. Ukiuviringa mgongo, katikati panakuwa bapa, na mashimo huanzia hapo.

4. Mwaga maramu sentimita 19 hadi 20, ili ishindiliwe ifike 15.
5. Nyunyiza maji, pitisha roli kutoka ukingoni kuelekea katikati.

Maswali

*Lori ngapi?*
Vipimo viko juu. 100 × 4 × 0.15 ni mita 60 za ujazo. Ongeza thuluthi moja hivi kwa kuwa inakuja huru. Tipa za mita 10, nane.

*Yetu ilikuwa na kemba lakini maji bado yanasimama.*
Angalia ukingo. Greda likiacha tuta dogo la maramu pembeni, maji hayafiki mtaroni. Lifute.

*Mbona maramu nyingine inafanya mikunjo mpaka gari linatetemeka, na nyingine inateleza?*
Swali zuri. Mikunjo huja mfinyanzi ukiwa haba: kiangazi kokoto hazishikani, magurudumu yanazirusha na kuzipanga. Ukizidi, inateleza mvua ikinyesha. Chekecha kidogo, lowesha chembe ndogo, finyanga donge, likauke. Likisagika kwa vidole, halina gundi. Likiwa gumu kama tofali na likilowa linanata mkononi, mfinyanzi umezidi. Changanya za machimbo mawili. Mawe yanayozidi sentimita 4 toa, yatang'olewa na magurudumu.

*Si afadhali kabro moja kwa moja tumalize?*
Kabro haibebi udongo mbovu, inaufuata chini. Bado inahitaji tabaka lililoshindiliwa, mchanga sentimita 3 hadi 5, na kerbu pembeni, la sivyo mistari inafunguka. Kemba yake asilimia 2.5 inatosha, maana maji hayaichimbi.

*Sisi tuko Kano, udongo mweusi.*
Huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Usiuguse wakati wa mvua. Inua barabara juu ya shamba kwa udongo mwekundu, mitaro iwe mbali kidogo na ukingo, kisha rudi hatua ya 3.

*Kwa hiyo lori nane?*
Soma jibu la kwanza.