Kutafuta thamani aigeni na vekta aigeni za matriksi ya 2 × 2 kwa mkono

Tutatumia matriksi hii mwanzo hadi mwisho:

```
A = | 5  -2 |
    | 1   2 |
```

Ukiizidisha na vekta (1, 0) unapata (5, 1). Vekta imerefuka, lakini pia imegeuka upande. Vekta nyingi hupatwa na hayo. Ziko chache tu ambazo A huzirefusha au kuzifupisha bila kuzitoa kwenye mstari wake. Hizo ndizo vekta aigeni, na namba inayoonyesha zimezidishwa mara ngapi ndiyo thamani aigeni, λ. Kwa alama: Av = λv. Vekta ya sifuri hatuihesabu, kwa kuwa inakubaliana na λ yoyote ile.

Hatua ya 1: toa λ kwenye ulalo

Leta kila kitu upande mmoja: (A − λI)v = 0. Hiyo I ni matriksi yenye 1 kwenye ulalo na 0 kwingine. Imewekwa kwa sababu namba pekee haiwezi kutolewa kwenye matriksi. Unapoandika, λ inatolewa kwenye 5 na kwenye 2 tu. Hizo nyingine usiziguse.

```
| 5-λ   -2  |
|  1    2-λ |
```

Hatua ya 2: determinanti iwe 0

Kwa nini 0? Determinanti inaonyesha matriksi inakuza eneo mara ngapi. Ikiwa si 0, vekta pekee inayopelekwa kwenye sifuri ni sifuri yenyewe, na hiyo tumeshaikataa. Ikiwa 0, matriksi imeubana ubapa wote ukawa mstari au nukta, kwa hiyo lazima kuna vekta nyingine iliyoangukia sifuri. Hiyo ndiyo tunayoitafuta.

```
(5-λ)(2-λ) - (-2)(1) = 0
λ² - 7λ + 10 + 2 = 0
λ² - 7λ + 12 = 0
(λ-4)(λ-3) = 0
```

Basi λ ni 4 au 3. Hakiki haraka: jumla yake iwe sawa na jumla ya ulalo (5 + 2 = 7), na zao lake liwe sawa na determinanti ya A (10 + 2 = 12).

Hatua ya 3: rudisha kila λ, tafuta vekta yake

Kwa λ = 4:

```
| 1  -2 |
| 1  -2 |
```

Safu zote mbili zinasema x − 2y = 0, yaani x = 2y. Weka y = 1, upate (2, 1). Kosa la kila siku hapa ni kusoma "x = 2y" kisha kuandika (1, 2). Zidisha uone: A mara (2, 1) ni (8, 4), mara nne kamili. A mara (1, 2) ni (1, 5), haimo kabisa kwenye mstari ule.

Kwa λ = 3, safu ni 2x − 2y = 0 na x − y = 0, kitu kilekile. Vekta ni (1, 1). Mwenzako akiandika (5, 5) au (−1, −1) hajakosea, kwa sababu jibu ni mstari mzima isipokuwa sifuri.

Safu mbili zikigombana

Tuseme kwenye hatua ya 2 umesahau alama ya hasi ya −2. Utapata λ² − 7λ + 8 = 0, na λ moja itakuwa karibu 5.56. Jumla bado ni 7, na ukikosea determinanti ya A vilevile, zao nalo litakubali. Hatua ya 3 ndiyo itakayokuumbua: safu ya kwanza itasema x = −3.56y, ya pili x = 3.56y, na jibu pekee litakuwa sifuri. Safu za matriksi ya 2 × 2 zisipokuwa mstari mmoja, usilazimishe vekta. Ama λ si sahihi, ama umekosea kuirudisha.

Zinavyofupisha kazi

Unataka A⁵ mara (3, 2)? Usizidishe matriksi mara tano. Gawa (3, 2) iwe (2, 1) + (1, 1); sehemu ya kwanza inakua mara 4⁵ = 1024, ya pili mara 3⁵ = 243. Jibu ni (2048 + 243, 1024 + 243), yaani (2291, 1267).

Njia hii inahitaji vekta mbili zenye mielekeo tofauti, na si kila matriksi inazo. Angalia hii:

```
| 3  1 |
| 0  3 |
```

Mlinganyo ni (3−λ)² = 0, λ ni 3 tu, na hatua ya 3 inaacha y = 0 peke yake. Mwelekeo ni mmoja, (1, 0), na hata uhangaike vipi hautapata wa pili. Ile 1 ya juu ingekuwa 0, kila vekta isiyo sifuri ingekuwa vekta aigeni, ingawa λ ni ileile. Kwa hiyo λ ikijirudia, usihukumu kabla ya kufika hatua ya 3.