SOMO: Kufupisha mjadala wa makala uingie kwenye bango la mkutano bila kuangusha mipaka ya dai

Wakuu, kila msimu wa makongamano ukikaribia napokea ujumbe uleule: "Mjadala wangu una kurasa nne, bango lina nafasi ya kiganja, nifanyeje?" Naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Mfano nitakaotumia ni jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S. Matokeo yake ya mwisho yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2015. Lilihusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Bagamoyo, Korogwe na Kilifi vikiwemo. Nimelichagua kwa sababu dai lake ni zuri lakini lina masharti, na masharti hayo ndiyo hupotea kwanza.

Hatua ya 1. Nakili mjadala wote kwenye faili jipya. Makala yenyewe usiiguse.

Hatua ya 2. Futa aya zote zinazolinganisha kazi yako na za wengine. Bangoni hazina kazi.

Hatua ya 3. Tafuta sentensi inayobeba dai. Mara nyingi imo katika aya ya kwanza ya mjadala. Ukikuta mbili, chagua ile ambayo takwimu zako zinaibeba moja kwa moja.

Hatua ya 4. Mipaka. Hapa soma taratibu.

Mabango mengi huharibikia hapa, kwa njia mbili. Wapo wanaofuta mipaka yote ili dai ling'ae. Wapo wanaoikusanya yote kwenye kisanduku cha chini kulia, herufi ndogo, mahali ambapo msomaji aliyesimama hafiki. Matokeo ni yaleyale: mtu anaondoka na dai lisilo na masharti.

Tazama mtu akifupisha kwa haraka: "Chanjo ya RTS,S inawakinga watoto wa Afrika dhidi ya malaria kwa asilimia 36." Inasomeka vizuri, lakini ina makosa. Asilimia 36.3 ni ya watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 *na* wakapata dozi ya nne ya nyongeza. Wasioipata walibaki na 28.3. Walioanza wakiwa wachanga wa wiki 6 hadi 12 walipata 25.9, hata pamoja na nyongeza. Kubwa kuliko yote ni malaria kali: kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi nne ufanisi ulikuwa asilimia 32.2, lakini kwa waliopata tatu tu ulikuwa 1.1, yaani kwa kipindi chote cha ufuatiliaji hakuna kinga iliyoonekana. Mganga wa wilaya akisoma ule ufupisho ataona dozi tatu zinatosha.

Kipimo changu ni hiki: uondoe mpaka, kisha ujiulize kama msomaji angefanya jambo tofauti. Kama ndiyo, unabaki, tena ndani ya sentensi ileile yenye dai. Kama hapana, unabaki kwenye makala. Na mpaka hulifuata dai lake. Mjadala ukieleza kwamba watoto wa jaribio walipata matibabu mazuri na ndiyo maana vifo vilikuwa vichache, mpaka huo unahusu madai ya vifo. Bango lako halisemi lolote kuhusu vifo? Uache.

ONYO: madhara hayafuati kanuni ya kubana nafasi. Katika kundi hilo la miezi 5 hadi 17, homa ya uti wa mgongo ilijitokeza kwa watoto 21 waliochanjwa na 1 wa kundi la ulinganisho, ingawa waliochanjwa walikuwa wengi maradufu. Haikuthibitika kwamba chanjo ndiyo chanzo. Sentensi zote mbili ziingie, si moja.

Hatua ya 5. Punguza maneno ya kusitasita. "Inaonekana huenda ikawezekana kuwa" ni tahadhari tatu kwa kazi ya moja.

Hatua ya 6. Andika upya kwa maneno 60 hadi 80. Yangu haya hapa:

> Kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5–17, dozi tatu na ya nne ya nyongeza zilipunguza vipindi vya malaria kwa 36% katika takriban miaka minne. Bila dozi ya nne punguzo lilikuwa 28%, na kinga dhidi ya malaria kali haikuonekana kwa kipindi chote. Kwa walioanza wakiwa na wiki 6–12, ufanisi ulikuwa mdogo zaidi. Homa ya uti wa mgongo iliripotiwa zaidi kwa waliochanjwa wa miezi 5–17. Haijathibitika kuwa imesababishwa na chanjo.

Hatua ya 7. Msomee mtu asiye wa fani yako, kisha akueleze alichoelewa. Akiacha sharti, liko mbali mno na dai.

---

MASWALI

Karafuu: Mkuu, nakutumia mjadala wangu inbox unifupishie? Kongamano ni kesho.

Mwandishi: Hapana. Anza hatua ya 1.

Karafuu: Sawa, ila hiyo 36% si ina maana watoto 36 kati ya 100 wanakingwa? Ni rahisi zaidi kuandika hivyo.

Mwandishi: Rahisi na si kweli. Nimeandika "vipindi vya malaria". Mtoto mmoja anaweza kuugua mara kadhaa, na hesabu ni ya vipindi hivyo vikilinganishwa na vya kundi lisilopata chanjo hiyo. Usibadilishe kinachohesabiwa ili sentensi iwe fupi.

Pweza wa Tanga: Msimamizi wangu anasema mipaka inadhoofisha bango, majaji hawaipendi.

Mwandishi: Msimamizi wako simjui, na sijaja kugombana naye. Jaji anayeijua fani ataiuliza hiyo mipaka akiwa amesimama mbele yako. Chagua kama ataisoma au atakuumbua nayo.

Mbuyu: Shikamoo mwalimu. Mimi nilipima upungufu wa damu kwa wajawazito wa kliniki moja, mara moja tu. Nikiandika mipaka yote, sibaki na dai.

Mwandishi: Marahaba, swali zuri. Usiiandike kama orodha, iingize kwenye nomino na kitenzi. Badala ya "Kutokunywa vidonge vya madini ya chuma husababisha upungufu wa damu kwa wajawazito", andika "Miongoni mwa wajawazito waliohudhuria kliniki moja, upungufu wa damu ulionekana zaidi kwa wasiokunywa vidonge". "Waliohudhuria kliniki moja" imebeba mpaka wa sampuli. "Ulionekana zaidi" imebeba mpaka wa kupima mara moja. Hujatumia hata sentensi moja ya ziada, na dai bado lipo.

Mbuyu: Asante sana. Na ile homa ya uti wa mgongo, si baadaye ilionekana haihusiani?

Mwandishi: Umefuatilia vizuri. Utoaji wa majaribio Ghana, Kenya na Malawi, ulioanza 2019, haukuonyesha ishara hiyo, na WHO ikapendekeza chanjo Oktoba 2021. Ukifupisha makala ya 2015 unaandika data ya 2015 ilichosema. Bango likitundikwa leo, ongeza nusu mstari wenye mwaka: "haikuonekana katika utoaji wa majaribio ulioanza 2019". Usifute sentensi ya kwanza.

Pweza wa Tanga: Herufi za hayo maneno 70 ziwe na ukubwa gani kwenye A0?

Mwandishi: Mimi naanzia pointi 36 kwa hitimisho, mengine yasishuke chini ya 24. Chapisha ukurasa mmoja wa A4 kwa ukubwa halisi, ubandike ukutani, urudi nyuma hatua mbili.

Mjukuu wa Pangani: Nyongeza kwa wanaosafiri: chapisheni kwenye kitambaa. Kinakunjwa ndani ya begi, lile bomba la plastiki linasumbua kwenye ndege.

Karafuu: Kitambaa wanachapisha wapi Dar?

Mjukuu wa Pangani: Wanaochapisha mabango ya matangazo. Uliza kwanza kama kitambaa hakipitishi mwanga, chembamba kikitundikwa mbele ya dirisha hakisomeki.